Tyubu Mbili za Mtoto Mchanga: Dawa ya Macho na Dawa ya Kitovu

Leo nataka tuzungumze juu ya vitu viwili vidogo ambavyo mtoto hukutana navyo wiki ile ya kwanza ya maisha yake, yaani dawa ya macho na dawa ya kitovu. Nitawaeleza zilitoka wapi, kwa nini zinafanana, na jinsi kufanana huko kulivyochoma macho ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika.

Nitaanza na mama mmoja niliyemhudumia. Alikuwa na mtoto wa kwanza. Alijifungua salama hospitalini, na kesho yake akaruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko wa nailoni wenye vidonge vya maumivu, vidonge vya damu na tyubu moja ndogo nyeupe ndani ya boksi. Muuguzi aliyempa alimweleza, lakini mama hakuwa amelala usiku mzima na mtoto alikuwa akilia, kwa hivyo alisikia nusu tu. Kufika nyumbani boksi lilitupwa, tyubu ikawekwa kwenye kikombe juu ya kabati.

Siku ya nne jicho moja la mtoto likaanza kutoa tongotongo ya manjano na kope zikashikana. Mama akampigia simu jirani ambaye mtoto wake aliwahi kuwa na shida hiyo. Jirani akamwambia, "Mpake ile dawa ya macho, jina lake linaanza na klora, sijui klora nini." Mama akatoa tyubu kwenye kikombe, akatazama jina. Lilianza na klor. Akampaka mtoto jichoni. Mtoto alilia kilio ambacho mama anasema hajawahi kukisikia tena.

Dawa ambayo jirani alikuwa akiikumbuka ni kloramfenikoli, ambayo kweli ni dawa ya macho. Iliyokuwa kwenye kikombe ni klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye kitovu. Hebu yasemeni polepole majina hayo mawili. Yanaanza kwa sauti ile ile na herufi zile zile, na yote ni marefu kiasi kwamba mtu husoma mwanzo na kuacha mwisho. Nitarudi kwa mtoto huyo, lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Kumtia mtoto mchanga dawa ya macho ni desturi ya zamani kuliko hospitali zetu zote. Mwaka 1880, katika mji wa Leipzig huko Ujerumani, daktari wa wazazi aliyeitwa Credé alichoshwa na kuona watoto wakipofuka kwa ugonjwa wa kisonono ambao huwashika macho wakati wa kupita kwenye njia ya uzazi. Akaanza kumtilia kila mtoto tone moja la maji yenye madini ya fedha katika kila jicho mara tu baada ya kuzaliwa. Kabla ya hapo karibu mtoto 1 kati ya 10 katika hospitali yake alipata ugonjwa huo. Baada ya hapo wakashuka wakawa chini ya 1 kati ya 100. Habari ilienea dunia nzima na tone hilo likawa sheria katika nchi nyingi.

Lakini tangu mwanzo dawa hiyo ilikuwa na ndugu yake. Ya macho ilikuwa dhaifu sana, mwishowe ikawekwa kwenye asilimia 1. Dawa hiyo hiyo ya fedha, ikiwa na nguvu nyingi, ilitumika na bado hutumika kuchomea kile kinyama chekundu kinachobaki wakati mwingine kitovu kikidondoka. Moja ni ya jicho na nyingine ni ya kitovu, na jina ni moja. Aliyekosea nguvu alichoma jicho. Mnaona basi kwamba jambo la jicho na kitovu kuchanganywa halikuanza na sisi.

Kenya ina sehemu yake katika historia hii, na nadhani wengi hamjui. Katika miaka ya 1980 watafiti walilinganisha maji ya fedha na mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 kwa watoto waliozaliwa Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Tetrasaiklini ilifanya kazi vizuri na haikuwasha macho kama fedha. Halafu mwaka 1995 ukachapishwa utafiti mwingine kutoka hospitali ya Kikuyu, hapo chini tu ya Limuru, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000. Huko walijaribu matone ya ayodini, ile dawa ya kahawia tunayosafishia vidonda, ikiwa imepunguzwa nguvu hadi asilimia 2.5. Ilifaa kwa macho na bei yake ilikuwa ndogo. Ila ayodini ya vidonda ni ya asilimia 10, rangi ni ile ile ya kahawia, na chupa zinaweza kufanana. Ndugu mwingine tena.

Sisi huku tulibaki zaidi na tetrasaiklini. Hiyo ndiyo mafuta ya manjano ambayo muuguzi hupaka mtoto ndani ya saa ya kwanza, utepe mfupi wa kama sentimita moja ndani ya kope la chini la kila jicho. Hupakwa mara moja tu, pale pale chumba cha kujifungulia. Liwekeni akilini jambo hilo la mara moja, kwa sababu litatusaidia mbele.

Sasa njooni kwa kitovu. Kwa miaka mingi kitovu kilikuwa mlango wa kifo. Watu waliweka majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mate, kila jamii na chake, na pepopunda na sumu ya damu zikawachukua watoto. Hapo ndipo klorheksidini ikaingia. Dawa yenyewe ni ya zamani. Mmewahi kuitumia bila kujua, kwa maana imo ndani ya Savlon na katika dawa fulani za kusukutua kinywa. Kilichokuwa kipya ni kuitumia kwa kitovu. Utafiti uliofanyika Nepal, nchi maskini yenye milima mikubwa, ulichapishwa mwaka 2006 na kuonyesha kwamba watoto waliosafishwa kitovu kwa klorheksidini walikufa wachache kwa asilimia 24 kuliko wale ambao hawakusafishwa. Kutoka Bangladesh nako, mwaka 2012, zikaja habari njema. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2014 likashauri ipakwe kila siku kwa wiki ya kwanza kwa watoto wanaozaliwa nyumbani mahali ambapo vifo vya watoto wachanga ni vingi.

Sote hatukupata matokeo sawa. Jirani zetu wa Pemba, kule Zanzibar, walifanya utafiti wao mkubwa, na Zambia pia, na yote miwili ilichapishwa mwaka 2016. Huko haikuonekana kwamba klorheksidini ilipunguza vifo kuliko kuacha kitovu kikavu na kisafi. Kwa sababu hiyo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri. Sasa linasema kitovu kiachwe kikavu na kisafi, na klorheksidini itumike tu mahali ambapo watu bado wana mazoea ya kuweka vitu vibaya kwenye kitovu. Ndiyo maana mama mmoja atapewa tyubu hiyo na mwingine hatapewa, na wote wawili wamehudumiwa sawasawa.

Lakini katika miaka hiyo ya 2010 dawa ilikuwa imeshatoka kwa wingi, na ilitoka katika umbo gani? Mahali pengine ilikuwa maji ndani ya kichupa kidogo cha plastiki chenye mdomo wa kudondoshea. Mahali pengine ilikuwa jeli ndani ya tyubu ndogo yenye mdomo mwembamba. Mwambie mama yeyote afunge macho afikirie kichupa kidogo cha matone, au tyubu ndogo yenye mdomo mwembamba, kisha umuulize ni dawa ya nini. Atakuambia ni ya macho. Miaka yote tangu aanze kuona dawa, umbo hilo limekuwa la macho. Nepal walikuwa wajanja kidogo kwa kuuita mpango wao wote kwa neno la kwao lenye maana ya kitovu, ili jina lenyewe limwambie mama mahali pa kupaka. Kwingine jina lilibaki lile refu la kitaalamu.

Kuanzia mwaka 2015 ripoti zikaanza kukusanyika. Watoto, na hata watu wazima, walikuwa wametiwa klorheksidini ya kitovu machoni. Shirika la Afya Duniani lilikusanya visa zaidi ya 40 kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara na kutoa onyo. Wengine waliumia kidogo, wengine walibaki vipofu. Na madaktari wa macho hawakushangaa, kwa kuwa tangu miaka ya 1980 walikuwa wameandika juu ya wagonjwa wa upasuaji wa uso ambao sabuni ya klorheksidini iliingia machoni na kuharibu kile kioo cha mbele cha jicho. Klorheksidini ya kitovu ina nguvu ya kuua vijidudu vya ngozi, na ngozi inaivumilia. Kioo cha jicho hakina ngozi ya kujikinga. Dawa huunguza tabaka lake la juu, kioo kinavimba na kuwa na ukungu, na kikipona vibaya kinabaki na kovu jeupe ambalo mwanga haupiti.

Kuna jambo jingine kwenye tyubu hiyo ambalo hata sisi wauguzi lilitusumbua. Utakuta imeandikwa asilimia 7.1, na kwenye karatasi ya mafunzo imeandikwa asilimia 4. Ni kitu kimoja. Hiyo 7.1 ni uzito wa klorheksidini pamoja na chumvi iliyofungwa nayo, na 4 ni klorheksidini peke yake. Mtu asiyejua hilo anaweza kudhani ana dawa mbili tofauti, moja kali na moja laini, kisha akaanza kukisia ipi ya nini.

Mbona majina yafanane hivi? Mwaka 1950 mataifa yalikubaliana kwamba kila dawa iwe na jina moja la dunia nzima, na orodha ya kwanza ya majina hayo ikatoka mwaka 1953. Kabla ya hapo kila kampuni iliita dawa kwa jina lake na daktari wa nchi nyingine hakujua ni nini. Mpango huo umesaidia sana. Ila majina mengi hutengenezwa kutoka kwa kile kilichomo ndani, na dawa zote mbili tunazozizungumzia zina klorini, basi zote zikapata klor mbele. Ongeza klorokwini iliyokuwa ya malaria, klorofeniramini ya mafua ambayo ninyi mnaiita Piriton, na klorpromazini ya wagonjwa wa akili. Hiyo ni familia nzima yenye uso mmoja.

Majina ya kampuni nayo hayajaponyoka. Marekani kulikuwa na dawa ya vidonda vya tumbo iitwayo Losec, na kulikuwa na dawa ya kupunguza maji mwilini iitwayo Lasix. Zikachanganywa, wagonjwa wakaumia, na mwaka 1990 kampuni ikalazimika kubadilisha jina la Losec huko likawa Prilosec. Sasa fikiria majina hayo mawili yakitajwa kwenye simu na mtu wa huku kwetu. Mimi mwenyewe ni wa huku, kwa hivyo naruhusiwa kusema: r na l zinatuchezea. Ukisema Rosec na Rasix mbele ya kaunta yenye kelele siku ya soko Karatina, aliye ndani ya kemisti atasikia anachokitarajia. Kwa hiyo usitaje jina tu. Taja na kazi yake, useme, "Nataka Losec ya vidonda vya tumbo." Afadhali zaidi, mpe karatasi asome.

Rafu yenyewe inaweza kuwa mtego. Katika maduka mengi ya dawa na katika stoo za zahanati, dawa hupangwa kwa alfabeti. Ni mpango mzuri wa kutafuta kitu haraka. Lakini alfabeti ndiyo inayokaa majina yanayofanana bega kwa bega. Ukipanga kwa alfabeti, klorheksidini inagusana na kloramfenikoli. Mkono ukienda usiku, taa ikiwa hafifu na wagonjwa 40 wakiwa kwenye benchi, mkono huchukua umbo unalolijua.

Mwezi wa Septemba mwaka 2014, katika jimbo la Idlib nchini Syria, chanjo ya surua ilipaswa kuchanganywa na maji yake maalumu. Mahali pa maji hayo pakachukuliwa vichupa vya dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji, vilivyofanana navyo na vilivyowekwa pamoja navyo kwenye friji. Watoto wasiopungua 15 walikufa. Chanjo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilianza siku ile kichupa cha upasuaji kilipowekwa ndani ya friji ya chanjo.

Katika kituo ninachofanyia kazi tuliacha alfabeti kwa vitu vya kupaka na kudondosha. Tulipanga kwa mahali pa mwili. Rafu ya juu kabisa upande wa kushoto ni macho peke yake, ndani ya kikapu cha plastiki cha bluu. Vitu vya ngozi na kitovu viko upande wa pili wa chumba, kwa hivyo ni lazima utembee hatua kadhaa kutoka kimoja hadi kingine, na katika hatua hizo akili hupata nafasi ya kuuliza mkono umebeba nini. Rafuni tuliandika majina kwa kuinua sehemu iliyo tofauti, hivi: klorHEKSIDINI, klorAMFENIKOLI. Mbinu hiyo ya herufi kubwa katikati ya jina ilisukumwa sana na mamlaka ya dawa ya Marekani kuanzia mwaka 2001, na haigharimu chochote zaidi ya kalamu. Jicho huruka klor na kutua pale penye tofauti.

Halafu kuna ile kanuni ya kusoma mara tatu, ambayo kila muuguzi hufundishwa chuoni na wengi huisahau. Unasoma jina unapochukua dawa rafuni, unasoma tena unapoandika lebo, na unasoma mara ya tatu kabla ya kumkabidhi mgonjwa. Ukiona anayekuhudumia anatazama tyubu mara tatu usifikiri hajui kazi.

Lebo nayo ina siri yake. Maandishi ya onyo mara nyingi yako kwenye boksi, na boksi ndilo la kwanza kutupwa au kupewa mtoto mkubwa achezee. Kwa hiyo sisi hatuandiki kwenye boksi. Tunazungusha kipande cha plasta nyeupe kwenye tyubu yenyewe na kuandika kwa wino mzito: KITOVU TU, SI YA MACHO. Kwa mama asiyesoma tunachora tumbo la mtoto lenye kitovu, na kando yake jicho lililokatwa kwa mstari. Kisha tunamuuliza, "Mama, hii utampaka wapi?" Tunangoja aonyeshe kwa kidole kwenye mwili wa mtoto. Ukimuuliza kama ameelewa, kila mama atajibu ndiyo. Kidole chake ndicho kinachokuambia ukweli.

Wewe mama uliye nyumbani unaweza kufanya hivyo hivyo hata kama hukuwekewa plasta. Nunua plasta ya dukani, andika kwa biro. Kama una dawa ya macho ya mtu yeyote nyumbani, hata ya babu wa shinikizo la macho, isikae kikombe kimoja na ya kitovu. Weka ya kitovu pamoja na nepi na pamba za mtoto, na ya macho mahali pengine kabisa. Na jeli ya kitovu ni ya wiki moja. Siku ya saba ikipita, tyubu itupwe chooni hata kama imebaki nusu. Najua inauma kutupa kitu kilichobaki. Lakini tyubu inayobaki kabatini hadi mtoto afike miezi sita ni tyubu ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nini.

Zipo tofauti za kuona na kugusa pia. Minya kidogo nyuma ya kiganja chako. Jeli ya klorheksidini hung'aa, hupenya mwanga kama jeli ya nywele, ni baridi na ukisugua kwa maji inayeyuka. Tetrasaiklini ya macho ni ya manjano na ina mafuta, maji huteleza juu yake. Ila jaribio hili litumie kujikataza tu, usilitumie kujiruhusu. Ukiona imeng'aa kama jeli, usiipeleke jichoni. Ukiona ni ya manjano yenye mafuta, bado hujajua ni nini mpaka usome jina lote hadi mwisho.

Na sasa lile jambo la mara moja nililowaomba mliweke akilini. Dawa ya macho ya mtoto mchanga hupakwa hospitalini na kumalizika huko huko. Kwa kawaida hamrudi nayo nyumbani. Kwa hiyo kama umeruhusiwa na tyubu ndogo ya kumpaka mtoto, anza kwa kudhani ni ya kitovu, kisha uliza kabla ya kutoka langoni. Na mtoto wa siku nne mwenye tongotongo nyingi ya manjano na kope zilizovimba hatakiwi kutibiwa na tyubu yoyote ya nyumbani, hata iwe sahihi. Huenda ni kile kisonono alichokipiga vita Credé, na hicho hutibiwa kwa sindano, mtoto pamoja na mama na baba. Mlete siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mtoto wetu. Shosho wake alikuwepo, na jambo la kwanza alilofanya ni kumkamulia maziwa ya mama jichoni, kama alivyofundishwa na mama yake. Sikumlaumu, alitumia alichokijua. Lakini maziwa hayatoshi kuondoa dawa, na dakika zile zilipotea. Kinachotakiwa ni maji safi ya kunywa, mengi, papo hapo. Mlaze mtoto upande wa jicho lililoumia ili maji yasitiririke kwenda jicho zima. Mtu mmoja ashike kope kwa vidole viwili ziwe wazi, mwingine amimine polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, bila kukoma, kwa dakika 15 au zaidi. Mtoto atalia, na ni sawa alie. Ukimaliza usimpake kitu chochote, usimfunge jicho, anza safari ya hospitali.

Walipofika kwetu kope zilikuwa zimevimba na jicho halifunguki. Tuliosha tena kwa maji ya dripu, na tulipofaulu kufungua kope niliona sehemu nyeusi ya jicho imepata ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hapo ndipo mama akatoa tyubu mfukoni mwa sweta. Sijui ni nani aliyemwambia aibebe, lakini kwa kuiona tu tulijua ni nini kimeingia, kwa nguvu gani, na daktari wa macho tuliyempigia hakuhitaji kukisia. Mtoto alipelekwa hospitali kubwa jioni ile na kulazwa. Alitiwa dawa kila saa kwa siku za kwanza, kisha kliniki ya macho kila wiki.

Sasa anatembea. Ana kovu dogo jeupe pembeni mwa jicho la kulia, ambalo huwezi kuliona mpaka umwinue kwenye mwanga wa dirisha, na anaona. Mama yake alipata mtoto wa pili mwaka uliopita. Nilipowatembelea nyumbani siku ya tatu nilikuta tyubu imefungwa kwa uzi mwekundu kwenye mkoba wa nepi, na juu ya plasta alikuwa ameandika neno moja kwa Kigikuyu, la kitovu, ili shosho asome mwenyewe.